Malori matatu: shajara ya kusoma mkataba wa ijara

Kolwezi, Jumatatu, 8 Septemba 2025

Hajati ameniletea mkataba asubuhi, umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi. Anataka kuongeza malori matatu ya bene, ya kubeba mawe ya shaba na kobalti kutoka machimboni hadi viwandani. Mkopo wa riba hautaki. Kampuni moja ya ufadhili yenye ofisi Lubumbashi imemwambia: sisi tutayanunua malori, wewe utayakodi kwa miezi 36, na mwisho wake yatakuwa yako. Ni ijara inayoishia kwenye umiliki, ile inayoandikwa vitabuni ijara muntahia bitamliki. Wakili wao anataka sahihi kabla mwezi haujaisha.

“Metre, mimi naomba kujua mambo mawili,” akasema. “Nitalipa ngapi, na lini lori litakuwa langu.”

Nikamjibu, “Mama, kuna la tatu. Likifa kabla halijawa lako, litakuwa limekufa la nani?”

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisome kurasa zote, hata zile za maandishi madogo.

Hesabu ya lori moja ni hii. Bei hadi kufika Kolwezi, ushuru umeshalipwa, ni dola 90,000. Hajati anatanguliza 18,000 kama kodi ya awali. Zile 72,000 zinazobaki zimegawanywa kwa miezi 36, yaani 2,000 kila mwezi, na hiyo sehemu haibadiliki. Juu yake kuna sehemu ya pili, ambayo ndiyo faida ya kampuni, inayohesabiwa kwa kiasi ambacho bado hakijalipwa. Kwa miezi sita ya mwanzo kiwango chake ni asilimia 11 kwa mwaka. Mwezi wa kwanza basi ni 2,000 na 660, jumla 2,660, na kila mwezi inashuka kidogo.

Mpangilio huo wenyewe sina ugomvi nao. Ukurasa wa kwanza unasema mkataba unafuata Kiwango cha Sharia namba 9 cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka kanuni za fedha za Kiislamu. Ukurasa wa mwisho unasema sheria inayotawala ni ya Kongo, na kwa jambo hili sheria ya Kongo ni namba 15/003 ya 12 Februari 2015, inayohusu kredi-bayi. Nimeziweka zote mbili mezani, moja kulia na moja kushoto.


Jumanne, 9 Septemba

Leo nimeshinda na kifungu cha 6, mapitio ya kodi.

Kinasema hivi: baada ya miezi sita ya kwanza, sehemu ya pili ya kodi itapitiwa kila nusu mwaka kwa kufuata LIBOR ya dola ya miezi sita, kuongeza asilimia 6. Kiwango hakitashuka chini ya asilimia 9. Kigezo kikikosekana, mkodishaji ataweka kiwango anachoona kinafaa.

LIBOR ya dola ilikoma tarehe 30 Juni 2023. Ile iliyoendelea kutangazwa kwa muda kwa ajili ya mikataba ya zamani nayo ikazimwa mwisho wa Septemba 2024. Maana yake kifungu hiki kimenakiliwa kutoka karatasi ya miaka iliyopita, na hakuna siku hata moja ya mkataba huu ambayo kigezo hicho kitapatikana. Kinachobaki ni ile sentensi ya mwisho: kiwango anachoona kinafaa. Kuanzia mwezi wa saba Hajati atakuwa anakodi lori ambalo kodi yake inajulikana na mtu mmoja tu, naye si yeye.

Kiwango namba 9 hakikatazi kodi inayobadilika. Kinataka kodi ya kipindi cha kwanza itajwe kwa kiasi kinachojulikana, na vipindi vinavyofuata vifuate kigezo kilicho wazi, kisichoweza kubishaniwa, chenye sakafu na dari. Hapa sakafu ipo, dari haipo. Mwandishi amekumbuka kumlinda mwenye mali peke yake.

Nimeipigia hesabu ili Hajati aione kwa dola. Mwezi wa saba kiasi kilichobaki ni 60,000. Kwa asilimia 11 sehemu ya pili ni 550 kwa mwezi. Mkodishaji akiona kinachofaa ni asilimia 16, inakuwa 800. Tukiweka dari ya asilimia 13, haiwezi kupita 650, na kwa sakafu yao ya 9 haishuki chini ya 450. Kati ya 450 na 650 mfanyabiashara anaweza kupanga mambo yake na kujua ataomba bei gani kwa tani. Bila dari hawezi, na malori ni matatu.

Nimeandika upya: kigezo kiwe SOFR, ile inayotangazwa na tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani, kwa jina kamili na ukurasa inakochapishwa, kisomwe siku ya kumi kabla ya kipindi kipya, sakafu 9, dari 13, kigezo kikikosekana, kodi ya kipindi kilichopita iendelee mpaka pande zote mbili zikubaliane kwa maandishi.

Kuna mstari mwingine uliofichwa mwishoni mwa kifungu hichohicho: mapitio “yanaweza kutumika kuanzia tarehe yoyote, ikiwemo iliyopita”. Nimeupiga kalamu wote. Kodi ya mwezi uliokwisha ambayo haijalipwa imeshakuwa deni, na kuongeza deni kwa sababu limechelewa ndiyo riba yenyewe ambayo mama huyu anaikimbia. Mapitio ni ya vipindi vijavyo tu.


Alhamisi, 11 Septemba

Kifungu cha 9: “Matengenezo yote, ya kawaida na makubwa, ni juu ya mkodi.” Sentensi moja, na ndani yake mna injini nzima.

Kabla ya kuandika chochote nimekwenda garaji anakotengenezea Hajati, huko Manika. Fundi wake ni mzee aliyefanya kazi kwenye mashine za machimbo tangu ujana wake. Nikamwomba, “Papa, nionyeshe ni kitu gani kinaua lori hapa Kolwezi.” Akafungua kichujio cha hewa cha lori lililoingia asubuhi, akakigonga chini. Likamwagika vumbi jekundu, laini kama unga. Akanielekeza nipitishe kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye kichujio kwenda kwenye injini. Kidole kikatoka safi. “Hili lina dereva mzuri,” akasema. “Kidole kikitoka chekundu, ujue vumbi limeshapita. Linasaga silinda kidogo kidogo. Baada ya miezi lori linakula oili, moshi unakuwa wa bluu, halafu injini inafunguliwa.”

Kisha akaniingiza chini ya lori jingine. Kwenye chesisi, karibu na mahali spring za nyuma zinapofungwa, palikuwa na ufa mwembamba uliochomelewa na kupasuka tena pembeni ya weld. Kwa maneno yake hiyo ni kazi ya kupakia kupita kiasi. Lakini akaongeza kwamba aliwahi kuona chesisi mpya ikipasuka mahali palepale kwa sababu chuma chenyewe kilitoka kiwandani kibovu.

Hapo ndipo kifungu kinapotakiwa kukatia. Mwenye mali ndiye anayebeba matengenezo yanayolifanya lori lifae kwa kazi lililokodiwa: injini, giaboksi, chesisi, difu. Mkodi anabeba yale ya kila siku yanayotokana na kulitumia: oili, vichujio, matairi, breki, grisi. Kiwango namba 9 kinasema wazi kwamba matengenezo makubwa hayawezi kusukumiwa mkodi kwa sharti la mkataba. Yakisukumwa, mkodishaji anakusanya kodi ya kitu ambacho hakibebi mzigo wake, na hapo ameacha kuwa mwenye lori, amekuwa mkopeshaji.

Ila haki ya upande wa pili nayo ipo. Injini ikifa kwa sababu kichujio hakikubadilishwa, hiyo ni hasara ya mkodi, kwa uzembe wake. Chesisi ikipasuka kwa kupakia kupita uzito ulioandikwa na mtengenezaji, kadhalika. Kwa hiyo bila ushahidi wa nani alifanya nini, mgawanyo huu hauna kazi. Kila injini itakayokufa itageuka kesi. Nimeongeza kiambatisho: daftari la matengenezo linalokaa ndani ya lori, lenye tarehe, saa za injini, namba ya kichujio na sahihi ya fundi, karatasi za mizani za kila safari zitunzwe, na injini au chesisi ikiharibika, fundi wa tatu aliyekubaliwa na pande zote atoe ripoti kabla haijafunguliwa. Anayedai uzembe ndiye atakayeuthibitisha.

Papa fundi aliposikia habari ya daftari akasema madereva hawatalipenda. Hajati, aliyekuwa amesimama karibu, akasema watalizoea.

Usiku. Najua wakili atasema nini: kampuni ya fedha haina garaji, haiwezi kusimamia injini Kolwezi. Dawa yake inajulikana. Kampuni inamteua Hajati kuwa wakala wake wa matengenezo makubwa, kwa hati ya pembeni. Yeye anatengeneza, analeta risiti, kiasi kinapunguzwa kwenye kodi inayofuata. Na kampuni ikiwa imekadiria gharama hizo mapema, inaruhusiwa kuziingiza kwenye kodi tangu mwanzo wa kipindi. Hatari iko kwenye rasimu nyingi ninazoziona, ambamo kila dola ya risiti inarudishwa kama “kodi ya nyongeza” ya kipindi kinachofuata, dola kwa dola. Karatasi inasema mwenye mali amelipa, mfuko wa mkodi ndio uliotoa. Mimi nitakubali makadirio yaliyotajwa kabla kipindi hakijaanza. Nitakataa kurudisha gharama iliyokwisha kutokea.


Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala Hajati alimwuliza shehe, mbele yangu, kama kupima kodi kwa kigezo cha benki za riba hakuiharibu ijara. Shehe akamjibu kwamba wanazuoni wengi wamekiruhusu kama kipimo tu, mradi kinachouzwa ni manufaa ya lori la kweli na kodi inajulikana kabla kipindi hakijaanza. Akaongeza kwamba yeye angependa kigezo kingine siku moja kipatikane. Hata mimi.

Bima ndiyo sehemu mbaya zaidi ya mkataba huu, vifungu vya 13 na 14. Mkodi alipe bima ya kila aina kwa jina la mkodishaji. Lori likiangamia, fidia yote ni ya mkodishaji. Na mkodi aendelee kulipa kodi “bila kukatiza” mpaka fidia iingie benki, kisha alipe upungufu wowote.

Ya kwanza ni rahisi kuirekebisha. Bima ya lori ni gharama ya mwenye lori. Jopo la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lililiamua hilo tangu 1986, katika kikao cha Amman, lilipoulizwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu kuhusu ukodishaji wa mitambo: uharibifu usiotokana na uzembe ni wa benki kwa kuwa ndiyo mmiliki, na gharama ya bima ni yake. Hajati anaweza kuwa wakala wa kuikata, na gharama yake ikahesabiwa ndani ya kodi tangu mwanzo. Kwa upande wa Kongo, Sheria ya Bima ya 2015, namba 15/005, inataka hatari iliyoko nchini ikatiwe bima kwa kampuni iliyoidhinishwa nchini, chini ya usimamizi wa ARCA. Ile sentensi ya rasimu kwamba bima itakatwa “kwa kampuni ya takafuli atakayoichagua mkodishaji, popote ilipo” haitasimama. Kiwango chenyewe kinaipendelea takafuli, lakini bima ya barabarani ni lazima, na hati isiyotambulika hapa haitamwokoa dereva polisi wakimsimamisha Fungurume.

Ya pili ndiyo nilikaa nayo hadi saa sita za usiku. Nimelipindua lori moja kwenye karatasi: mwezi wa 14, mvua, mteremko wa barabara ya Likasi, lori limetumbukia bondeni, dereva mzima, lori halitengenezeki, hakuna uzembe. Mpaka siku hiyo Hajati ameshalipa 18,000 za awali, 28,000 za sehemu isiyobadilika, na kama kiwango kilibaki 11, karibu 7,570 za sehemu ya pili. Jumla ni dola 53,570 hivi.

Kwa rasimu yao, ataendelea kulipa zaidi ya 2,000 kila mwezi kwa lori lililoko bondeni, na bima ikisuasua miezi minane atailipa yote minane.

Kwa kanuni ya ijara, siku lori linapoangamia ijara imekufa. Manufaa hayapo, kodi haipo. Fidia inakwenda kwa kampuni, maana lori lilikuwa lake. Ikipungua, hasara ni yake, ndiyo maana ya kuwa na mali. Halafu lipo jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Hajati alikuwa akilipa kodi kubwa kuliko ya soko kwa sababu aliahidiwa kulimiliki lori mwisho. Ahadi hiyo sasa haiwezi kutimia, naye hana kosa. Kiwango namba 9 kinataka arudishiwe tofauti kati ya alicholipa na ujira wa mithili, yaani kodi ambayo mtu wa kawaida angelipa kwa lori kama hilo bila ahadi ya umiliki. Kwa ajili ya hesabu, tuweke ujira huo 2,800 kwa mwezi. Miezi 14 ni 39,200. Anarudishiwa takriban 14,370.

Nimemwonyesha tarakimu hizo mbili. Akaniuliza kama kweli watu hutia sahihi ile ya kwanza. Hutia, mama, kwa sababu juu yake imeandikwa ijara.


Jumatatu, 15 Septemba

Umiliki. Kifungu cha 17 kinasema kodi ya mwisho ikilipwa, “umiliki unahamia kwa mkodi papo hapo”. Hajati alikipenda kuliko vyote, na imebidi nimweleze kwa nini nakifuta.

Mkataba mmoja hauwezi kuwa ukodishaji leo na mauzo yaliyoahirishwa mpaka miaka mitatu ijayo. Njia inayokubalika ni hati ya pembeni: ahadi ya upande mmoja, ya mkodishaji peke yake, kwamba kodi zikiisha atauza kwa bei iliyotajwa, au atatoa kama zawadi. Mauzo yenyewe yanafanyika siku hiyo ikifika, kwa hati yake. Kwa bahati nzuri hapa sheria mbili zinashikana mkono, maana kredi-bayi ya Kongo nayo inamwachia mkodi hiari ya kununua kwa bei iliyokubaliwa inayozingatia kodi alizolipa. Nimeandika bei ya dola 1 kwa kila lori, na siku 15 za kampuni kutia sahihi hati ya mauzo na kukabidhi karte roze. Bila karte roze kwa jina lake, Hajati atakuwa na mkataba mzuri na lori la mtu mwingine. Ahadi iwabane pia warithi wa kampuni na yeyote atakayenunua malori hayo katikati, na mkataba uandikishwe kwenye daftari la biashara, RCCM, kama OHADA inavyotaka, ili wadai wa upande wowote wajue mali ni ya nani.

Akitaka kununua mapema, rasimu inamdai kodi zote zilizobaki pamoja na faida ya miezi ambayo hatakodi. Nimeweka badala yake sehemu isiyobadilika tu. Mwezi wa 20 ukiisha, zinabaki kodi 16, yaani dola 32,000.

Jioni wakili wa Lubumbashi kanipigia simu. Mtu mwema, anaharakisha. “Confrère wangu,” akaanza, kisha akanieleza kwamba ninajisumbua bure: ukurasa wa kwanza umeshasema mkataba unafuata Sharia, kwa hiyo kifungu chochote kinachopingana nayo hakitatumika. Nikamkumbusha kesi ya Shamil Bank ya Bahrain dhidi ya Beximco. Mikataba ya pale nayo, ikiwemo ya ijara, ilisema inatawaliwa na sheria ya Uingereza kwa kufuata kanuni za Sharia. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaamua kwamba sheria inayotawala ni moja tu, na yale maneno ya jumla kuhusu Sharia hayakumwokoa mkodi. Hakimu wa Kolwezi naye atasoma vifungu. Kifungu kikisema matengenezo yote ni ya mkodi, atahukumu hivyo, na kwa kredi-bayi ya kawaida hatashangaa hata kidogo. Kinga ya Hajati lazima iandikwe ndani ya kifungu chenyewe.

Akaomba nimtumie marekebisho.


Alhamisi, 18 Septemba

Majibu yamefika. Kigezo kipya na dari ya 13 wamekubali. Nadhani habari ya LIBOR iliwaaibisha. Mapitio ya kurudi nyuma yameondolewa. Ahadi ya mauzo ya dola 1 imekubaliwa kwenye hati ya pembeni, wakiomba siku 30 badala ya 15. Nimewapa.

Matengenezo makubwa wamekubali kwa njia ya uwakala, na daftari wamelisifu. Wameomba makadirio ya kila nusu mwaka yaingie kwenye kodi, yakitajwa kabla. Hilo ni halali, nalo nimelikubali kwa sharti kwamba yahesabiwe ndani ya kodi inayojadiliwa siku ya mapitio na Hajati aione namba kabla ya kipindi kuanza.

Bima ya kifungu cha 13 nayo wamekubali irekebishwe. Kifungu cha 14 wamekirudisha kama kilivyokuwa. Maelezo yao: kamati ya mikopo haiwezi kukubali kodi isimame kabla fidia haijaingia. Kamati ya mikopo. Katika kampuni inayosema haikopeshi.


Jumamosi, 20 Septemba

Hajati alikuja na mwanawe mkubwa. Nimewaeleza kwamba vifungu vinne kati ya vitano sasa ni vya ijara kweli, na cha tano kinaugeuza mkataba wote kuwa deni. Kijana akauliza kama tunaweza kutia sahihi sasa tukabishana baadaye, maana mvua za Novemba zinakuja na kazi iko sasa. Mama yake akamjibu kabla yangu: “Lori likianguka, baadaye ndiyo hiyohiyo.”

Nimempa barua ya kupeleka Lubumbashi. Inasema kodi ikome siku lori linapoangamia bila uzembe wa mkodi, fidia iwe ya kampuni, na ziada ya kodi juu ya ujira wa mithili irudishwe ndani ya siku 60. Wakikubali, atie sahihi siku hiyohiyo. Wakikataa, asitie, na atafute mfadhili mwingine au akodi malori kwa mwezi kama alivyofanya mwaka jana.

Na kwa yeyote atakayelipokea faili hili baada yangu: anza na kifungu cha lori kuangamia, ndipo urudi kwenye bei.